Maiki mbili, mgeni hasikiki vizuri

"Narekodi mahojiano hapa Kirumba. Mgeni anaongea chinichini; nikimwongezea sauti, yangu inakuwa kama natokea ndani ya pipa. Nifanyeje?"

Habari ndugu. Kwanza zima maiki ya mgeni, uongee peke yako. Pipa likipotea, basi sauti yako inaingia kwenye maiki zote mbili, na kwa mgeni inafika ikiwa imechelewa kidogo. Ukimpandisha yeye, unapandisha na hiyo iliyovuja. Pipa likibaki, tatizo ni chumba, na maiki hazitalitibu.

Kabla ya kugusa miksa, sogeza maiki. Mimi nilimrekodi mzee mmoja mvuvi kule Igombe, maiki ikiwa sentimita 40 kutoka mdomoni kwake, na yalinikuta hayohayo. Niliisogeza hadi 15, pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi isiigonge, nikapunguza geini, na pipa likaisha karibu lote. Maiki yake iwe mbali nawe angalau mara tatu ya umbali wa maiki yako na mdomo wako, na mgongo wa maiki hiyo ukuelekee wewe.

Geini usiipime kwa "moja, mbili, tatu". Mwulize mgeni kuhusu kazi yake, mwache aongee dakika nzima, kisha weka vilele vya sauti karibu na -12 dB. Akicheka bado kuna nafasi. Yako ipime peke yake vivyo hivyo.

Muhimu zaidi, kila maiki irekodiwe kwenye njia yake, kushoto na kulia. Wakati wa kuhariri, ishushe ya mgeni pale unapouliza wewe.