Nimwambieje tukae tupange bajeti bila kuonekana namchunga?

"Wakuu, nikimgusia mume wangu habari ya kupanga matumizi ananuna, anasema nataka kumtawala. Nia yangu ni tukae tu tupange pamoja. Nianzeje?"

Dada, mimi nimekaa upande wa pili wa hilo jambo. Ni mwanamume, na niliyekosea kuanza nilikuwa mimi.

Mara ya kwanza nilimvizia mke wangu jioni, mwisho wa mwezi, hela zimeisha na wote tumechoka. Nilikuwa na karatasi nimeorodhesha matumizi yake ya miezi miwili, mengine saba nimeyazungushia kalamu nyekundu. Akaitazama, akaniuliza, "Kumbe nilikuwa nachunguzwa?" Nikajitetea kwamba nauliza tu. Akasema, "Sawa, panga unavyotaka." Mtu akikujibu hivyo usidhani amekubali. Ameshatoka kwenye mazungumzo, na bajeti utakayoipanga hapo utaitekeleza peke yako.

Baadaye nikajua kwamba manne kati ya yale saba yalikuwa vitu vya watoto ambavyo mimi sikuwahi hata kujua vinanunuliwa. Niliona aibu.

Nilikaa kama miezi mitatu ndipo nikajaribu tena. Safari hii sikuanza na yaliyopita, nilianza na gharama moja inayokuja na inayotuhusu wote. Nilimwambia hivi, karibu neno kwa neno: "Mwaka jana bima ya gari ilitukuta mikono mitupu tukakopa. Inakaribia tena na sitaki tukope. Jumamosi asubuhi tunaweza kukaa nusu saa tuone itatoka wapi? Mimi nitakuja na matumizi yangu yote. Ya kwako ukipenda."

Angalia hapo hakuna "wewe" wala "kwa nini". "Kwa nini umetumia" hata ukiisema kwa upole inamfanya mtu ajieleze kama yuko kwa mwalimu wa zamu. Pia nilimpa siku kadhaa za kujiandaa, nikamwambia na muda wa kumaliza. Na lile la "ya kwako ukipenda" lilikuwa la kweli, nilikuwa tayari aje mikono mitupu.

Siku yenyewe nilianza kujianika mimi. Nilikuwa na deni dogo la kazini ambalo hakulijua, nikalitaja. Lilimuudhi, sitadanganya, na nusu saa ikageuka saa nzima. Lakini baada ya hapo akaenda mwenyewe kuchukua daftari lake. Kalamu nikamwachia yeye. Usilidharau hilo, kwa sababu anayeandika ndiye anayeonekana mkubwa wa kikao, na wewe ndiye uliyeitisha.

Tuliandika kipato chetu cha pamoja cha mwezi kama sehemu 100, maana tukitaja mshahara wa nani ni mkubwa tunaanza kupimana. Yasiyokwepeka ya kila mwezi yakala 70. Kisha tukakusanya yale yanayokuja mara moja kwa mwaka, bima ikiwemo: jumla 96, gawa kwa 12, ni 8 kila mwezi. Hiyo 8 ndiyo tuliyokuwa hatuihesabu, na ndiyo iliyokuwa ikitugombanisha. Kila mmoja alidhani mwenzake anavujisha hela, kumbe kuna gharama tunayoijua kabisa ila hatuna mwezi tulioitengea. Deni langu tukalipa 6, akiba 6. Zikabaki 10, tukagawana tano tano.

Hizo tano hakuna anayeulizwa. Ukiwa na mtu anayeogopa kutawaliwa kama mumeo, ningekushauri hili ulitamke mapema kabisa, hata kabla ya kukaa: kwamba kwenye mpango huu kutakuwa na hela yake ambayo hutaiulizia. Na uitimize. Mimi mwezi wa pili niliona kiatu kipya nikafungua mdomo, nikaufunga.

Kikao cha kwanza msimalize kila kitu. Mkiona sauti zinapanda au mmoja anajibu "sawa, sawa" tu, acheni, mpange siku nyingine. Sisi ya akiba tuliifikia kikao cha tatu.

Ila haya yote yanafaa kwa mtu anayechukia namna anavyoulizwa. Kama kuna kamari, au mikopo mipya inayoibuka kila mara, au anakunyima hata hela ya matumizi ya lazima, hilo ni jambo jingine. Maneno matamu hayatalitatua, tafuta mtu mzima mnayemheshimu wote wawili au mshauri wa ndoa.

Sisi sasa tunakaa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kalamu kwa zamu. Mwezi huu ni zamu yake, na ameshaniambia nije na risiti za gari, zote, si zile ninazozipenda.