Radieta haipashi na mwenye nyumba anasema kesho: barua ya mwanafunzi aliyepanga Urusi

"Shikamoo kaka. Mdogo wangu yuko Voronezh, mwaka wa kwanza wa shahada baada ya ule wa kujifunza lugha. Amepanga nyumba na mwenzake kwenye ghorofa la zamani. Radieta ya chumbani kwake haipashi joto tangu mwanzoni mwa Novemba, na mama mwenye nyumba kila akiambiwa anasema kesho. Anataka kumwandikia barua ya malalamiko kwa Kirusi ila anaogopa kufukuzwa na kuharibiwa mambo yake ya uhamiaji. Avumilie au aandike? Na akiandika, aandike nini?"

Marahaba. Aandike, tena wiki hii. Nimeishi mji huohuo, nikiwa mwanafunzi na baadaye kwa kazi, na nakwambia wazi kwamba baridi ya Januari pale si ya kungojea ndani ya koti. Usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na chumba kisicho na joto kinaanza kuota ukungu ukutani huku kijana anaugua kifua katikati ya mitihani.

Lakini kabla hajashika kalamu, ashike mabomba. Nyumba nyingi za ghorofa Urusi hazina hita ya kuwasha mwenyewe. Maji ya moto yanatoka kwenye mtambo wa mji, yanapanda kwenye bomba la wima linalopita vyumba vyote vya safu moja kuanzia chini hadi juu, na kila chumba kina radieta iliyochomekwa kwenye bomba hilo. Kwa hiyo tatizo linaweza kuwa la chumba chake peke yake au la jengo zima, na barua inategemea ni lipi. Aguse bomba la wima na bomba linaloingia kwenye radieta. Yote yakiwa baridi, agonge mlango wa jirani wa juu na wa chini aulize. Wakiwa na baridi vilevile, huyo mama hana la kufanya yeye mwenyewe. Simu ipigwe kwa kampuni inayosimamia jengo, ambayo namba yake ya dharura hubandikwa kwenye mlango wa kuingilia. Bomba likiwa la moto na radieta baridi, basi koki imefungwa au imekwama, au ndani kumeziba. Radieta ikiwa na joto chini na baridi juu, kuna hewa imenaswa, jambo la kawaida sana mwanzo wa msimu maji yanaporudishwa kwenye mabomba.

Hewa hutolewa kwa skrubu ndogo iliyo juu pembeni ya radieta, na Warusi watamwambia ni kazi rahisi. Ni rahisi kwa anayeijua. Ukiifungua mpaka ikatoka, maji ya moto yanaruka kwa nguvu na huwezi kuirudisha, na jirani wa chini akilowa dari, atakayedaiwa ni aliyegusa. Asiguse. Fundi bomba aitwe na mwenye nyumba au kampuni ya jengo.

Sasa apime joto. Anunue kipimajoto cha kawaida cha chumbani, akiweke katikati ya chumba, mita 1 kutoka sakafuni, mbali na dirisha, na apige picha asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Kanuni ya serikali namba 354 ya Mei 6, 2011 inataka chumba cha kuishi kisipungue nyuzi 18, na chumba cha kona, chenye kuta mbili zinazotazama nje, kisipungue 20. Sehemu zenye baridi kali zaidi, kama Yakutsk, kiwango kinapanda kwa nyuzi 2, lakini Voronezh ni hiyo 18 na 20. Usiku wa manane hadi saa 11 alfajiri joto linaruhusiwa kushuka kwa nyuzi 3, ndiyo maana nasema apige picha asubuhi kukishakucha na jioni, asije akaambiwa alipima saa isiyohesabika.

Nikupe mfano wa kijana wa Bujumbura niliyemsaidia kuandika. Chumba chake kilikuwa cha kona, bomba la moto, radieta baridi kuanzia ubavu wa tatu, kipimajoto kinasoma 14. Mwenye nyumba alimjibu kwamba matengenezo madogo ni ya mpangaji, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapokwama kwa sababu jibu hilo lina ukweli nusu. Sheria ya Madai ya Urusi, kifungu cha 681, kweli inasema matengenezo ya kawaida ya ndani ni ya mpangaji ikiwa mkataba haukusema vingine. Lakini kifungu cha 676 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwenye nyumba ahakikishe vinatengenezwa vifaa vya kuletea huduma kama maji na joto vilivyomo ndani ya nyumba. Radieta ni kifaa cha namna hiyo. Sentensi hiyo moja ndiyo uti wa barua yote, na kijana wetu alipoiweka, mabishano ya nani anawajibika yaliisha.

Barua yenyewe ni ya ukurasa mmoja, na sura yake haibadiliki. Juu upande wa kulia: kwa nani, jina la ukoo na la kwanza pamoja na jina litokanalo na baba, kama lilivyo kwenye mkataba, kisha kutoka kwa nani, anwani ya nyumba na simu. Katikati kichwa kimoja tu, "Pretenzia", yaani dai. Kisha mwili. Sentensi ya kwanza inataja mkataba wa kupanga na tarehe yake. Ya pili inasema kilichoharibika na tangu lini. Ya tatu inataja tarehe alizomjulisha kwa simu au ujumbe. Ya nne inatoa vipimo, mfano: "Novemba 18, saa 2 usiku, joto katikati ya chumba lilikuwa nyuzi 14." Ya tano ni kifungu cha 676 na kanuni 354. Halafu ombi, ambalo kwa matamshi ya Kirusi ni hivi:

Proshu Vas v techenie pyati dnei ustranit neispravnost batarei otoplenia.

Yaani anaomba hitilafu ya radieta iondolewe ndani ya siku 5. Siku ngapi aandike ni juu yake, ila ziwe za haki. Asiandike leo kwa leo isipokuwa bomba linavuja, na likivuja asiandike kabisa, apige simu ya dharura ya jengo. Mwisho aorodheshe viambatisho, yaani picha za kipimajoto na za ujumbe, aweke tarehe na saini.

Sauti ya barua ina maana kubwa kuliko watu wa nyumbani wanavyodhani. Sisi tumezoea kuanza na salamu, hali ya watoto, kisha polepole tunaingia kwenye shida. Barua ya aina hii Urusi haina hayo, na mwenye nyumba hataona ukali katika ukavu wake. Heshima inakaa kwenye jina kamili na kwenye "Vas", yaani "ninyi" ya wingi wa heshima, iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Kinachomchukiza ni vitisho: kwamba nitakushtaki, nitakwenda ubalozini, nyinyi mnabagua. Hata kama moyoni anaamini hivyo, ayaache nje ya karatasi hii. Karatasi ibaki kwenye bomba, nyuzi na tarehe. Na ampe mwanafunzi mwenzake Mrusi aisome kabla ya kuipeleka, maana kosa la mwisho wa jina la mtu linaudhi kuliko kosa lolote la sarufi.

Atengeneze nakala mbili. Mama akipokea mkononi, atie saini na tarehe kwenye nakala inayobaki. Akikataa, ipelekwe posta kama barua ya thamani yenye orodha ya yaliyomo na taarifa ya kupokelewa. Karani wa posta anagonga muhuri kwenye orodha, na hapo hakuna atakayesema bahasha ilikuwa tupu. Wakati huohuo apige simu kwa kampuni ya jengo. Kwa kanuni hiyohiyo 354, ukaguzi unatakiwa upangwe ndani ya saa 2 tangu taarifa ipokelewe, isipokuwa mmekubaliana muda mwingine, na anayepokea simu anapaswa kumpa namba ya taarifa. Aiandike. Mkaguzi akija, aombe nakala ya hati ya ukaguzi, kwa sababu hati hiyo ina uzito kuliko picha zake zote.

Kuhusu hofu ya kufukuzwa, nisimdanganye. Kama ana mkataba wa maandishi, mwenye nyumba hawezi kumtoa kabla ya muda bila mahakama kwa sababu ya barua. Lakini mikataba mingi ya pale ni ya miezi 11, kwa kuwa ya mwaka au zaidi inalazimika kusajiliwa serikalini, na mkataba mfupi hauna haki ya kupewa kipaumbele cha kuendelea. Muda ukiisha, mama anaweza kumwambia atafute kwingine, na sheria haitamzuia. Na kama hakuna mkataba wa maandishi, kama wengi wanavyopangisha ili kukwepa kodi ya mapato, basi asianze na dai. Atume ujumbe wa upole wenye vipimo, aanze kutafuta nyumba nyingine, na usajili wake wa uhamiaji auhamishie anwani mpya mara tu akihama, kwani usajili unatakiwa ufuate mahali anapolala kweli.

Jambo ambalo asilifanye hata akiwa na hasira ni kuzuia kodi ya pango. Kwa mkataba wa chini ya mwaka, kukosa kulipa zaidi ya mara mbili kunampa mwenye nyumba sababu ya kwenda mahakamani kuvunja mkataba, na hapo haki yote ya radieta inageuka kuwa kesi ya mdaiwa. Alipe kwa benki, kwa tarehe, na stakabadhi aziweke pamoja na barua.

Mpaka fundi afike, anunue hita ya umeme ya mafuta, aichomeke moja kwa moja ukutani bila kebo ya kurefusha, maana nyaya za majengo ya zamani hazihimili mzigo. Katika barua anaweza kuongeza kwamba anaomba gharama ya umeme huo ipunguzwe kwenye kodi ya pango, lakini aombe tu, asikate mwenyewe. Na jiko la gesi lisiwashwe kupasha chumba, hata dakika chache madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa yake inaua mtu usingizini, na kila baridi watu wanakufa hivyo. Hili msisitizieni kwa simu leo usiku.

Kijana wa Bujumbura alijibiwa kwa hasira jioni ileile, kisha fundi akaja kabla ya muda wa barua kuisha. Koki ilikuwa imeshikana na kutu, ikabadilishwa baada ya bomba la wima kufungwa kwa muda, na chumba kikapanda hadi 21. Mwambie mdogo wako anitumie picha ya ukurasa wa mkataba unaohusu matengenezo, nione kama kuna kipengele kinachompa yeye mzigo wa radieta, kwa sababu kikiwepo itabidi barua ianze nacho.