Mhazini "alitusema" au "alituambia"?

*Mimi ni katibu wa chama cha akiba cha wafanyabiashara hapa Mutukula. Wanachama wengine ni Waganda, wengine wametoka Bukoba, kwa hiyo kumbukumbu zetu naziandika kwa Kiswahili. Juzi nimeandika "Mhazini alitusema kwamba mikopo haijarudi." Mjumbe mmoja wa Bukoba akaniambia nimemchongea mhazini. Nimekosea wapi? Na mbona kamusi yangu inaeleza kunena, kutamka, kueleza na kuhadithia kwa neno moja tu, "sema"?*

Ndugu Katibu, mjumbe wako alikuwa na haki ya kushtuka. Kumsema mtu si kumpa habari. Ni kumteta, ama mbele yake ama kisogoni. Mtoto anayerudi sebuleni amenuna akikwambia "Mama amenisema," ujue amekaripiwa. Na jirani akilalamika kwamba "watu wa mtaa huu wananisema sana," ana maana kwamba wanamsengenya. Kwa hiyo sentensi yako, kwa sikio la mtu wa Bukoba, inadai kwamba mhazini alisimama mkutanoni akawagombeza wanachama kwa sababu mikopo haijarudi. Huenda kweli alikuwa na hasira, lakini sidhani kama hilo ndilo ulilotaka libaki kwenye daftari.

Kosa hili nalijua vizuri kwa sababu mimi mwenyewe nililifanya nikiwa mwanafunzi, na linatoka nyumbani kwetu. Kwa Luganda tunasema *yagamba nti*, yaani alisema kwamba. Tunasema pia *yatugamba nti*, yaani alituambia kwamba. Kitenzi ni kilekile, *okugamba*. Msikilizaji anachomekwa katikati, basi. Mganda akihamia kwenye Kiswahili anabeba mtindo huo: kama "alisema" ni sahihi, mbona "alitusema" isiwe sahihi? Kiswahili kimegawa kazi hiyo kwa vitenzi viwili. Kusema kunashika jambo linalosemwa: alisema ukweli, alisema uongo, alisema kwamba mvua itanyesha. Kuambia kunamshika mtu anayesikia: alituambia, nilimwambia, uliambiwa. Ukitaka kumtaja msikilizaji, acha kusema, chukua kuambia. Na kinyume chake pia ni kweli. Kuambia hakukai bila mtu, ndiyo maana "mhazini aliambia kwamba mikopo haijarudi" inaacha msomaji akiuliza: alimwambia nani?

Kwa Mganda kuna njia rahisi ya kulikumbuka hili. Kuambia kumezaliwa na kitenzi cha zamani, *amba*, chenye maana ya kusema. Siku hizi amba hatembei peke yake, ila yumo ndani ya "kwamba" na ndani ya "ambaye." Sasa liweke *amba* karibu na *gamba* yetu. Ni mzizi mmoja wa Kibantu. Luganda imeshika g ya mwanzo, Kiswahili kimeidondosha, kama ambavyo *okugenda* ya kwetu ni "kwenda" kwao. Kwa hiyo *yatugamba* na "alituambia" ni ndugu wa damu. Sema ndiye mgeni katika jozi hiyo, na ndiye anayekuponza.

Kabla hatujaondoka hapo, jihadhari na "alitusemea." Wengine wakishaonywa juu ya "alitusema" hukimbilia huko, wakidhani herufi moja ya ziada imetibu kidonda. Kusemea ni kusema kwa niaba ya mtu, au kumshtaki kwa mkubwa. "Nitakusemea kwa mwalimu" ni tishio la kila mtoto wa shule. Mhazini akiwasemea kwa meneja wa benki, msomaji hajui kama amewatetea au amewachoma.

Sasa kamusi yako. Haikudanganya, maana katika vitenzi hivyo vyote kuna mdomo unaofunguka. Ila kila kimoja kinatazama kitu tofauti, na kumbukumbu zako ulizonitumia zinafaa sana kulionyesha hilo, kwa kuwa umevitumia vyote katika ukurasa mmoja. Nakisia ulitaka kukwepa kurudia "alisema."

Aya ya pili umeandika "Mwenyekiti alinena kwamba mkutano ujao utakuwa Jumamosi." Hapa nilicheka, unisamehe. Kunena ni kusema kulikovaa kanzu. Kwa baadhi ya wazee wa mwambao wa kaskazini bado ni kitenzi cha kila siku, lakini kwa wengi wetu kimebaki kwenye ushairi na kwenye dini: nabii hunena, na makanisani waumini hunena kwa lugha. Hata jina "neno" limetoka humo. Kwa hiyo mwenyekiti anayenena tarehe ya kikao anakuwa kama ameshushiwa ufunuo. Mahali pamoja ambapo kunena kunasikika kila siku ni kwenye kusifu. Mzee akitoa hoja iliyoshika kisawasawa, waliokaa karibu naye watasema "Umenena!" Hawasemi "umesema," kwa sababu kusema kila mtu anasema. Ila hiyo ni sauti ya baraza, haiingii kwenye daftari. Kwa tarehe ya mkutano andika "alisema," au "alitangaza" ikiwa wote walikuwa wakiingojea.

Kutamka kunatazama mdomo wenyewe: ulimi, meno, sauti inavyotoka. Ndiyo maana tunazungumzia matamshi ya neno, na ndiyo maana Mganda anayesema "balabala" ameitamka vibaya barabara bila kukosea maana yake. Umeandika "Mhazini alitamka majina ya wakopaji watatu." Kisarufi hakuna tatizo, lakini sentensi hiyo inanifanya nisikilize jinsi alivyoyasoma majina, kama yalimtoka sawasawa au yalimkwama. Ulichotaka ni kutaja. Kutaja ni kulitoa jina au kitu hadharani na kuishia hapo. Mtu anaweza kusema "Jina langu limetajwa kwenye kikao, tena limetamkwa vibaya," na hayo ni malalamiko mawili. Kutamka kuna uso wa pili, wa kirasmi: serikali hutoa tamko, na mwenyekiti akivunja kamati anaweza kutamka kwamba kamati imevunjwa, kwa maana kauli yake ndiyo inayoivunja. Kwenye chama cha akiba siku kama hiyo huja mara chache.

Kueleza ndiko kunakotumika ovyo kuliko vyote, na si Uganda tu. Kitenzi hiki kimetoka kwenye kuelea. Jambo likikuelea liko wazi kwako, umelielewa. Lisipokuelea, Mswahili husema "hainielei." Anayekueleza, basi, analifanya jambo likuelee. Kipimo chake ni rahisi: baada ya kueleza, msikilizaji awe anajua kwa nini au kwa namna gani. Mhazini akisimama akasema "shilingi 900,000 hazijarudi" kisha akaketi, hajaeleza chochote. Amesema, au ametoa taarifa. Akiongeza kwamba wakopaji watatu wamekwama kwa sababu mchele wao ulinyeshewa njiani, hapo ameeleza. Walimu wa mitihani wanaijua tofauti hii vizuri. Swali la "Taja sababu tatu" linataka orodha. "Eleza sababu tatu" linataka kila sababu ifunguliwe, na mtahiniwa anayejibu la pili kama la kwanza anapoteza alama akidhani ameonewa.

Utawasikia watangazaji wakisema "alielezea kwamba." Mimi siipendi. "Alitueleza sababu" imeshabeba msikilizaji na jambo vyote viwili, haihitaji kiungo kingine. Lakini siwezi kugombana na redio zote.

Nimebakiza kuhadithia, na hapa ndipo ulipomuumiza mtu bila kujua. Umeandika "Mkopaji wa kwanza alituhadithia jinsi mchele wake ulivyonyeshewa." Kuhadithia ni kumpa mtu hadithi: ina mwanzo, ina mwendo, ina mwisho, na daima kuna anayesikiliza. Bibi huwahadithia wajukuu, na kwetu angeanza na *awo olwatuuka*. Rafiki aliyetoka sinema anaweza kukuhadithia filamu nzima mpaka usione haja ya kwenda kuitazama. Kitenzi chenyewe hakisemi kwamba habari ni ya uongo, ila kimezoea kukaa karibu na ngano, kiasi kwamba "usinihadithie" ni njia ya kumwambia mtu kwamba humwamini. Mkopaji anayeomba aongezewe muda, akasoma kwamba "alihadithia," ataona chama kimeshamhukumu. Kwa tukio lililompata mtu mwenyewe tumia kusimulia. Shahidi husimulia, manusura wa ajali husimulia, na neno hilo halimshuku.

Nimeiandika upya sehemu hiyo, nikitumia mambo yale yale uliyonitumia:

*Mhazini aliwaambia wanachama kwamba shilingi 900,000 za mikopo hazijarejeshwa. Aliwataja wakopaji watatu, kila mmoja akidaiwa shilingi 300,000. Mkopaji wa kwanza alisimulia jinsi lori lilivyokwama njiani na mchele wa wote watatu ukanyeshewa. Mhazini alieleza kwamba, kwa kuwa fedha hizo hazipo, mikopo mipya haitatolewa mwezi huu. Mwenyekiti alisema suala hili litajadiliwa tena Jumamosi.*

Utaona "alisema" limebaki mara moja tu, na hata lingekuwa mara tatu nisingelibadilisha. Kusema hakuchoshi kwenye kumbukumbu; msomaji hulipita kama anavyopita nukta. Kinachomsimamisha ni mwenyekiti anayenena.

Kuhusu daftari ambalo limeshasomwa, usilifute. Kikao kijacho, kabla ya kuthibitisha kumbukumbu na kuingia kwenye yatokanayo, omba marekebisho mawili yaandikwe: mahali pa "alitusema" pawe "aliwaambia wanachama," na mahali pa "alituhadithia" pawe "alisimulia." Hizo nyingine, kunena na kutamka, hazijamdhuru mtu. Mjumbe wa Bukoba akitaka nazo zirekebishwe, mwachie.