Kutengua, kubatilisha au kunyang'anya?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi natunza kanzidata ya chama cha akiba hapa Ngamiani, Tanga, na ninaandika mwongozo wa Kiswahili kwa wenzangu. Amri ya REVOKE, inayomwondolea mtumiaji haki aliyopewa, niiite kunyang'anya, kufuta au kubatilisha haki? Tena, je, kuhusu kudhibiti nani aone data gani, ni sawa kusema "udhibiti wa hiari" na "udhibiti wa lazima"?

JIBU: Marahaba. Ningechagua kutengua, na sababu yake imo katika kazi yenyewe ya amri hiyo. Kunyang'anya kuna harufu ya dhuluma, na kufuta kutachanganywa na DELETE, ambayo hufuta safu za data. Kubatilisha ndiko kunakopotosha zaidi, kwa kuwa kilichobatilika huhesabiwa kuwa hakikusihi, ilhali REVOKE haigusi yaliyokwisha kusomwa. Sisi wa pwani tunasema udhu umetenguka: kuanzia hapo huwezi kuswali, lakini swala uliyokwisha kuiswali haiharibiki. Magazeti nayo yamezoea kuandika kwamba mamlaka ya uteuzi imetengua uteuzi wa fulani, na humo mna jambo la pili linalotufaa, kwamba anayetengua ni yule aliyeteua.

Mfano wa uteuzi, hata hivyo, una kikomo. Mkuu akitenguliwa, walioajiriwa kwa saini yake hubaki kazini. Katika mfumo wa kanzidata wa PostgreSQL sivyo. Tuseme mhazini ndiye mwenye jedwali la malipo, naye anampa karani haki ya kusoma pamoja na ruhusa ya kukasimu, kisha karani anampa msaidizi haki hiyohiyo:

```
GRANT SELECT ON malipo TO karani WITH GRANT OPTION;
GRANT SELECT ON malipo TO msaidizi;
```

Amri ya kwanza imetolewa na mhazini, ya pili na karani. Ukiandika `\dp malipo` utaona, miongoni mwa mengine, `karani=r*/mhazini` na `msaidizi=r/karani`. Herufi r ni kusoma, nyota ni ruhusa ya kukasimu, na jina lililo baada ya mkwaju ni la aliyetoa. Sasa mhazini akijaribu kumtengua karani bila kuongeza neno, mfumo unakataa:

```
REVOKE SELECT ON malipo FROM karani;
ERROR:  dependent privileges exist
```

Maana yake ni kwamba zipo haki zilizoning'inia kwenye haki hiyo. Akiongeza CASCADE mwishoni, haki ya karani inaondoka, na ya msaidizi inaondoka nayo. Hii ningeiita kutengua kwa mnyororo. Neno "maporomoko", ambalo nimeliona mahali, linamfanya msomaji adhani mfumo umeanguka.

Linalowatatiza wengi ni pale msaidizi anapokuwa amepewa haki hiyo pia na mkaguzi, ambaye naye alikasimiwa na mhazini. Mnyororo wa karani ukikatwa, msaidizi anaendelea kusoma, kwa kuwa `msaidizi=r/mkaguzi` bado ipo. Mhazini atadai kwamba amri haikufanya kazi, kumbe imefanya kazi kwa usahihi: haki ilikuwa na mizizi miwili naye amekata mmoja. Kwa hiyo katika mwongozo wako usiandike "haki ya msaidizi imetenguliwa" bila kutaja haki iliyotolewa na nani. Vilevile epuka "kutoa haki za msaidizi", maana kutoa ni kupa na pia ni kuondoa. Andika "kumpa msaidizi haki".

Kuhusu hiari, ulivyoandika kutapotosha. Mchango wa hiari ni ule unaoweza kuuchangia au kuuacha, hivyo "udhibiti wa hiari" utasomeka kama udhibiti ambao chama kinaweza kuamua kutokuwa nao. Hiari hapa ni ya mwenye jedwali, anayempa amtakaye. Andika "udhibiti kwa hiari ya mmiliki". Udhaifu wake ni kwamba msaidizi mwenye haki ya kusoma, akiwa pia na ruhusa ya kuunda majedwali, anaweza kunakili malipo kwenye jedwali lake mwenyewe, na la kwake atamgawia amtakaye. Ukimtengua kesho, nakala inabaki.

"Udhibiti wa lazima" unaweza kubaki, mradi ueleze kwamba ulazima huo unamfunga hata mmiliki. Katika muundo wa Bell na LaPadula wa miaka ya 1970, kila data ina daraja la usiri na kila mtumiaji ana lake. Husomi cha daraja lililo juu yako, wala huandiki kwenye daraja la chini. Aliyeingia kwa daraja la siri basi hawezi kumwaga alichosoma katika jedwali la wazi, hata kama jedwali hilo ni lake. Kwa upande wa madaraja, mtumiaji hana cha kumkasimia mwenzake, na kwa hiyo hakuna mnyororo wa kukata. Hapo usitumie kutengua. Msimamizi hushusha daraja la mtu, na kushusha ndilo neno.