Usaili wa skolashipu: swali la mpango wa utafiti

"Nimeitwa usaili wa ufadhili wa uzamili. Wataniuliza utafiti, sababu za kuomba na mipango ya baada ya kuhitimu. Nikariri majibu?"

Usikariri. Wapo wanaoshauri ujaze istilahi ili waone umebobea, lakini hilo linamfaa mjumbe mmoja tu wa jopo, yule wa fani yako. Wengine watapotea, na nao wanatoa alama.

Punguza mpango mpaka uelezeke kwa dakika moja. "Nitachunguza ubora wa maji ya visima" ni pana mno. Afadhali: "Nitapima floridi kwenye visima 30 vya wilaya moja, kiangazi na masika, nione kama kina cha kisima kinaeleza tofauti." Hapo jiandae, maana watabana: kibali kikichelewa je? Jibu liwe na hesabu: nitabaki na visima 15 na msimu mmoja, swali la kina litajibika, la msimu nitaliacha. Ukisema tu "nitajitahidi", wameshakupata.

Sababu zako zitoke humo humo: ulikutanaje na tatizo hili, na kwa nini chuo hicho (taja maabara au msimamizi). Baada ya kuhitimu, "nitaisaidia jamii" haitoshi. Sema nani atatumia matokeo, mfano idara inayoamua pa kuchimba, na wewe utakuwa na kazi gani hapo.

Kuhusu kutaja uzamivu, sina jibu moja. Baadhi ya wafadhili hutaka urudi nyumbani kwanza, kwa hiyo soma masharti yao.