Kafaulu SBT, haya sasa nieleze moyo wake unasemaje

Mbukwenyi wadogo zangu. Naandika nikiwa nimetoka shifti, macho yamejaa vumbi la huu upepo wetu wa Dodoma, na nimekereka kidogo. Asubuhi kwenye raundi daktari tarajali mmoja ananiambia kwa furaha kabisa "dokta, wa kitanda cha 3 kafaulu SBT, nitoe tyubu?" SBT ndo lile jaribio la mgonjwa kupumua mwenyewe kabla hajatolewa tyubu. Namuuliza ulimjaribu kwa PS ngapi, yaani mashine inamsukumia kiasi gani kila akivuta pumzi, ananijibu 12. PS 12, na PEEP, lile shinikizo linalobaki kwenye mapafu mwisho wa pumzi, 8! Mdogo wangu, hapo mgonjwa hujamjaribu, umembeba mgongoni halafu unampa cheti cha kutembea.

Simlaumu sana maana na mimi nimefanya kubwa kuliko hiyo, nitaisimulia huko chini. Ila naona kila kundi jipya linakuja na makosa yale yale, nimeona bora niyaandike mara moja.

1. Kabla ya kujaribu chochote jiulize kilichomleta kwenye mashine kimepungua au bado. Zile tiki za kwenye fomu mnazijua: FiO2 0.4 au chini, PEEP 5 hadi 8, noradrenalini imeisha au imebaki tone, anaanzisha pumzi mwenyewe, anafumbua macho ukimwita. Midazolamu zimeni alfajiri, msisubiri raundi ianze ndo mkumbuke, maana hiyo dawa inakaa mwilini, hasa kwa mwenye figo mbovu, mtamhukumu mtu kwamba hana akili kumbe mnamlaza nyie.

2. RSBI, kile kipimo cha pumzi za haraka na fupi, ni pumzi kwa dakika gawanya kwa ujazo wa pumzi kwa LITA. Kuna mtu aligawanya kwa mililita akapata 0.06 akaniambia "iko chini sana dokta, nzuri." Nikacheka mpaka sista akageuka. Pumzi 24 gawanya kwa 0.40 unapata 60, basi. Mpaka wetu ni 105, ila hiyo 105 ilipatikana kwa wagonjwa waliokuwa wanapumua bila kusukumwa na mashine. Ukiipima akiwa kwenye PS, namba inashuka yenyewe, inapendeza, inakudanganya. Mimi ilinidanganya, na hapa ndo nataka tukae kidogo.

Miaka kadhaa nyuma, hospitali siitaji. Mama wa miaka 61, katokea upande wa Chamwino, nimonia kali, presha ya siku nyingi anayoimeza dawa siku akikumbuka. Siku ya tano kwenye ventileta yuko vizuri, FiO2 0.4, PEEP 5, SpO2 97, noradrenalini ilizimwa jana yake, anashika mkono ukimwambia. Na kule mapokezi ya dharura kuna kijana wa bodaboda kaumia kichwa anabagiwa kwa mkono, wanapiga simu kila baada ya dakika kumi wanaulizia mashine. Mnaelewa ile presha, hamna mtu anayewaandikia kwenye protokali lakini ipo.

Nikamweka PS 8, PEEP 5, dakika 30. Pumzi 24, ujazo 400, RSBI 60. SpO2 ikashuka hadi 95 tu. Presha ilianza 138 juu ikaishia 172, mapigo yakatoka 92 hadi 116. Sista aliyekuwa naye, mtu wa miaka ishirini kazini, akaniambia kwa upole "dokta, presha yake inapanda na jasho limeanza kwenye paji la uso." Nikamjibu, na naikumbuka sentensi yenyewe, "ana hofu tu sista, anataka tyubu itoke." Fomu inasema presha isizidi 180, haijazidi. Mapigo yasizidi 140, hayajazidi. Nikatiki. Kumbe fomu hiyo hiyo mstari unaofuata inasema mabadiliko ya zaidi ya asilimia 20 kutoka pale alipoanzia nayo ni kufeli, na yule mama presha imepanda kwa asilimia 25, mapigo asilimia 26. Mstari nilikuwa naujua. Sikuusoma kwa sababu sikutaka kuusoma.

Saa 10 jioni nikatoa tyubu, mashine ikaenda kwa kijana. Mama akasalimia, sauti imekauka, binti yake akalia kwa furaha, mimi najiona bingwa. Saa 2 usiku naitwa: kakaa wima kashika vyuma vya kitanda hataki kulala, pumzi 34, presha 201 kwa 112, kifua kinachemka mpaka juu. Mimi nikasema makohozi. Nikaagiza sakshen, nikaagiza salbutamoli ya kuvuta, mapigo yakapaa zaidi. Nikasubiri. Nikarudia ile ya kuvuta. Saa mbili nzima nimezipoteza hapo, na kila dakika tano binti anachungulia dirishani.

Nilipompigia bosi wangu hakuniuliza kifua, hakuniuliza picha. Aliuliza kitu kimoja: "amebakiza maji kiasi gani?" Nikaenda kwenye chati nikaanza kujumlisha siku moja moja, maana hakuna aliyekuwa amejumlisha, tulikuwa tunasoma ya jana tu kwenye raundi tunapita. Lita 7.4 zimeingia hazijatoka. Simu bado iko sikioni, hakusema kitu, nikasikia anapumua tu.

Saa 4 na dakika 40 usiku tyubu ikarudi, na kilichopanda kwenye tyubu ni povu la pinki. Na ventileta haipo, si nimeshaitoa. Tukambagi kwa mkono kwa zamu, mimi na sista yule yule, dakika 50, mpaka ikaletwa moja kutoka chumba cha upasuaji. Dakika 50 nipo uso kwa uso na mtu aliyeniambia ukweli jioni. Hakunikumbusha hata neno. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Sasa kilichotokea ni hiki, na muelewe vizuri maana hiki ndo kinawaangusha wengi walio na mapafu mazima. Mashine inapuliza hewa ndani, kifua kinakuwa na shinikizo chanya. Hilo shinikizo linazuia damu isirudi kwa wingi kwenye moyo, na linaupunguzia upande wa kushoto wa moyo kazi ya kusukuma damu nje ya kifua. Yaani ventileta ilikuwa inauponya moyo bila sisi kuiandikia dawa. Ukiitoa, mgonjwa anavuta hewa kwa nguvu zake, kifua kinanyonya, damu inarudi kwa wingi, moyo wa kushoto unasukuma kwa tabu zaidi, na ule mwili unaohangaika unamwaga adrenalini, presha inapanda. Moyo mgumu wa presha ya miaka mingi, na lita saba juu, hauwezi. Maji yanarudi nyuma kwenye mapafu. PS 8 na PEEP 5 bado ni msaada, kidogo lakini unatosha kuficha haya yote kwa dakika 30.

Msije mkasema basi kila mtu apelekwe ti-pisi, yaani apumue kupitia tyubu bila mashine, kwa masaa mawili. Hapana. Kuna utafiti wa Hispania wa 2019 ulilinganisha dakika 30 za PS 8 bila PEEP na masaa mawili ya ti-pisi, waliokuwa bado nje ya mashine baada ya masaa 72 walikuwa asilimia 82 kwa 74, PS ikashinda. Kwa hiyo wengi wao jaribio jepesi linatosha, ukimchosha bure unamfelisha bure. Ila mwenye presha ya muda mrefu, moyo uliotanuka, mzee, au mwenye maji mengi, mimi lazima nimwone kwenye PS 0 na PEEP 0 kabla sijagusa plasta ya tyubu. Namwacha kwenye ventileta hiyo hiyo ili nisome namba.

Yule mama tulimpa furosemidi siku tatu huku tunafuatilia potasiamu, dawa zake za presha zikarudi kupitia mpira wa pua, akatoka lita karibu tano. Siku ya nne PS 0 na PEEP 0 kwa saa zima: presha 134 ikaenda 146, mapigo 88 yakaenda 96, pumzi 27 na ujazo 360, RSBI 75. Angalieni hapo, RSBI 75 ni mbaya kuliko ile 60 ya kwanza, na safari hii ndo alitoka kweli. Paji la uso kavu. Nilimuuliza sista kwanza.

3. Kupumua bila mashine na kukaa bila tyubu ni mitihani miwili. SBT haikuambii kitu kuhusu koo wala kikohozi. Mwambie akohoe huku umeshika karatasi nyeupe sentimita moja au mbili mbele ya mdomo wa tyubu, isipolowa na una hakika amekuelewa, jihadhari. Anayehitaji sakshen kila saa bado si wa kutoka. Aliyekaa na tyubu siku nyingi au aliyewekewa kwa shida, toa upepo kwenye kafu usikilize kama hewa inapita pembeni, isipopita mpe steroidi masaa yasiyopungua manne kabla, msimpe dakika tano kabla mkadhani mmetibu.

4. Tyubu itolewe asubuhi. Saa 10 jioni ni saa ya kukabidhi shifti, si ya kutoa tyubu, nimeshawaambia kwanini.

5. Akianza kuhema baada ya kutolewa, tafuta sababu ndani ya nusu saa siyo masaa mawili. Sauti ya filimbi akivuta ndani ni koo. Mgurumo unaosikia bila hata stetoskopu ni makohozi. Presha juu, kakaa wima, kifua kinachemka ni maji, na huyo CPAP ya barakoa mapema inaweza kumwokoa, yule mama wangu ingemfaa sana saa 2 usiku ile. Mwenye mapafu ya moshi na kabondayoksaidi ya juu naye barakoa inamfaa. Wengine wote msiwafungie barakoa kwa matumaini, mnachelewesha tyubu tu, na kuchelewa huko ndo kunaua.

Kuhusu kitanda cha 3, kwa sababu najua mtauliza. Tulimshusha PS 0 na PEEP 0 mbele ya yule tarajali. Dakika ya 18 presha ikatoka 141 ikafika 176, mabega yanapanda, SpO2 bado 94. Akageuka kuniangalia, nikamwambia usiniangalie mimi, kajumlishe maji. Karudi na lita 5.1. Tumemrudisha kwenye PS 12 apumzike usiku, furosemidi imeanza, potasiamu inapimwa saa 12 asubuhi. Tunajaribu tena keshokutwa saa 3, na tarajali atakuwepo kuanzia saa 1 kuandika presha ya mwanzo kwa mkono wake.