Mutanti haikamilishani na yeyote: je, ni jeni ya tatu?

Swali: Nina mutanti sita za hamira, zote nyekundu na haziwezi kuota bila adenini. m1, m2 na m3 ni jinsi a. m4, m5 na m6 ni jinsi alfa. Nilizipandisha zote mbili mbili, kisha nikahamishia mchanganyiko kwenye agari isiyo na adenini. m1 imeota na m5 tu. m2 imeota na m4 na m6. m3 haijaota na yoyote. Je, m3 ni jeni ya tatu?

Jibu: Hapana, jeni ya tatu ingefanya kinyume chake. Mutanti iliyoharibika jeni ya peke yake ingeota na zote, kwa kuwa kila mwenzi angeileta jeni hiyo ikiwa nzima, nayo ingemletea mwenzi ile iliyomharibikia; huko ndiko kukamilishana. Pale diploidi, yaani seli iliyotokana na wazazi wawili kuungana, inaposhindwa kuota, maana yake ni kwamba wazazi wote wawili wameleta nakala mbovu za jeni ileile.

Kwa hiyo makundi yako ni mawili: m1, m4 na m6 upande mmoja, m2 na m5 upande mwingine. m4 na m6 ni jinsi moja na huwezi kuzipandisha, lakini zote mbili zimeshindwa na m1 na zote mbili zimeota na m2, na hilo linatosha kuziweka pamoja. Kwa kuwa zote ni nyekundu, ningetazamia jeni za ADE1 na ADE2. Vimeng'enya vyake hufanya hatua mbili zinazofuatana, na moja ikikwama kunarundikana kitu kinachogeuka rangi nyekundu ndani ya seli. Pandisha kila kundi na mutanti inayojulikana ya ade1 na ya ade2 ili upate majina.

Sasa m3. Kutoota kwake kuna maelezo matatu, na jaribio ulilofanya haliyatenganishi.

La kwanza ni kwamba huenda haikupandana kabisa. Ulihamisha mchanganyiko moja kwa moja kwenye agari isiyo na adenini, na hapo haploidi, yaani seli ya mzazi mmoja, ambayo haikuoana huonekana sawasawa na diploidi isiyokamilishana: hakuna kinachoota. Ndiyo maana diploidi huchaguliwa kwanza. Ikiwa aina zako za a zinahitaji histidini na za alfa zinahitaji lusini, changanya wazazi kwenye agari yenye virutubisho vyote usiku mzima kwa nyuzi 30, kisha hamishia kwenye agari isiyo na histidini wala lusini lakini yenye adenini, miligramu 20 kwa lita. Kinachoota hapo baada ya siku mbili ni diploidi. Chukua koloni hizo, zichanganye na maji safi yaliyotakaswa, na udondoshe mikrolita 5 kwenye agari isiyo na adenini. Usidondoshe seli nyingi mno. Seli hubeba akiba ya adenini na kuacha utando hafifu unaodanganya jicho.

La pili, mabadiliko ya m3 huenda si ya kufichika, yaani hujitokeza hata pakiwa na nakala nzima ya jeni. Pandisha m3 na hamira isiyo na kasoro. Diploidi hiyo isipoota bila adenini, jaribio la kukamilishana halikufai kwa m3, na matokeo yake yote uyaweke kando. Kipimo hiki kilipaswa kufanywa kwa mutanti zote sita kabla ya mengine.

La tatu, m3 inaweza kuwa na mabadiliko mawili, moja katika kila jeni. Hapo itaota ikipandishwa na hamira nzima, lakini itashindwa na makundi yote mawili. Ifanye diploidi hiyo itoe spora na uzitenganishe nne nne. Badiliko moja litakupa spora mbili zinazoota bila adenini katika kila nne. Yakiwa mawili utaona pia seti ambamo inaota moja tu, au haioti hata moja.

Soma matokeo kwa kuota, si kwa rangi. Hamira ya ade2 iliyopoteza uwezo wa kupumua kwa oksijeni hubaki nyeupe, na agari yenye adenini nyingi pia hufifisha wekundu, ilhali kasoro ipo palepale.

Halafu tazama namna ya kuota. Vipele vichache juu ya doa tupu ni seli zilizorekebishika baadaye, si kukamilishana; kukamilishana hujaza doa lote. Doa likijaa lakini polepole kuliko lile la hamira nzima, huenda ni nakala mbili mbovu za jeni ileile zinazosaidiana, kwa sababu protini zake huungana na sehemu nzima ya moja kufidia ya nyingine. Spora huamua: ADE1 iko kromosomu I na ADE2 iko XV, hivyo zikiwa jeni mbili, kama robo ya spora zitaota bila adenini. Ikiwa ni jeni moja, hutapata karibu hata moja.